Unga wenye protini asilimia 55

Mwaka wangu wa pili chuoni, hapa Mombasa, niliandika katika karatasi ya mtihani kwamba unga wa ngano una protini asilimia 55.1. Karatasi iliporudi, pembeni mwa jibu palikuwa na wino mwekundu: "Unga huu unauzwa duka gani?" Fomula nilikuwa nayo sahihi kabisa, na hesabu yenyewe kwenye kikokotoo haikuwa na kosa. Nilichokosa ni kujua nitrojeni ilikuwa wapi katika kila hatua. Tangu nianze kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza na maabara yao, kosa hilo naliona kila muhula, kwa sura tofauti. Basi nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa.

Njia ya kutafuta protini iliyo katika chakula tunaiita kwa jina la Johan Kjeldahl, mkemia wa Denmaki aliyeitoa mwaka 1883 akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Kopenhageni. Haipimi protini, inapima nitrojeni, na kwa hivyo shika hapo hapo unapoanza kusoma swali. Sampuli inameng'enywa, yaani inachemshwa katika asidi kali ya sulfuriki mpaka chakula chote kiungue na nitrojeni yake ibaki ndani ya asidi kama amonia salfeti. Potasiamu salfeti huongezwa ili asidi ichemke kwa joto la juu zaidi ya lile la kawaida yake, na shaba salfeti ni kichocheo. Halafu unamimina sodiamu haidroksaidi kwa wingi, amonia inaachiliwa, inatoka na mvuke na kunaswa katika asidi ya boriki upande wa pili. Mwisho unapima amonia hiyo kwa HCl kutoka kwenye bureti. Moli moja ya HCl ni moli moja ya amonia, na moli moja ya amonia imebeba moli moja ya nitrojeni. Hesabu yote imesimama juu ya sentensi hiyo.

Hili hapa ndilo swali lililoniaibisha, kwa namba zilezile za siku ile. Gramu 1.00 ya unga wa ngano imemeng'enywa, ikapozwa, ikaongezewa maji hadi mililita 100. Mililita 20 za maji hayo zimechotwa na amonia yake kunaswa. Titresheni imetumia mililita 14.0 za HCl ya 0.020 M. Chupa tupu, yaani iliyopitia hatua zote bila unga, imetumia mililita 0.2. Tafuta asilimia ya protini.

Usikimbilie fomula. Ifuate nitrojeni kwa kurudi nyuma, kutoka kwenye bureti hadi kwenye unga:

```
HCl halisi   = 14.0 - 0.2      = 13.8 ml
katika 20 ml = 13.8 x 0.020    = 0.276 mmol N
katika 100 ml = 0.276 x 5      = 1.38 mmol N
uzito wa N   = 1.38 x 14.007   = 19.33 mg
%N           = 19.33/1000 x 100 = 1.933
%protini     = 1.933 x 5.70    = 11.0
```

Ile 5 ya mstari wa tatu ndiyo iliyoniponza. Nilizidisha kwa 5 kwa sababu ya mililita 20 kati ya 100, kisha nikagawa kwa gramu 0.2 nikidhani huo ndio uzito wa unga uliokuwa katika sehemu niliyoichota. Njia zote mbili ni halali, lakini ni moja tu kati yake, si zote kwa pamoja. Ukirudisha nitrojeni hadi mililita 100, gawa kwa gramu 1.00. Ukibaki na mililita 20, gawa kwa gramu 0.200. Mimi nilikula pande mbili, na 11.02 mara 5 ndiyo hiyo 55.1.

Jifunze kuyatambua makosa kwa sura ya jibu. Unga wa ngano wa kawaida huwa na protini ya kama asilimia 9 hadi 13. Ukipata 2.2, umesahau kurudisha kwenye mililita 100. Ukipata 55, umerudisha mara mbili. Ukipata 22, angalia asidi ya bureti: huenda swali linasema HCl na wewe umeihesabu kama asidi ya sulfuriki. Asidi ya sulfuriki ya 0.020 M hutoa haidrojeni maradufu, kwa hiyo kila moli moja yake hukutana na moli mbili za amonia. Swali likitoa nomaliti badala ya molariti, kuzidisha huko kumeshafanywa, usikurudie.

Kosa la chupa tupu ni jambazi la kimyakimya. Ukisahau kutoa ile 0.2 katika swali letu utapata 11.2 badala ya 11.0, jibu linaloonekana la kawaida kabisa, na hakuna kitakachokushtua. Hiyo 0.2 inatoka kwa vichafu vya nitrojeni ndani ya kemikali zenyewe, na kwa karatasi ya kupimia kama sampuli iliingia chupani na karatasi yake. Ndiyo maana chupa tupu nayo hutiwa karatasi kama hiyo.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Baadhi ya maswali hayanasi amonia katika asidi ya boriki bali katika asidi kali yenye kipimo kinachojulikana, tuseme mililita 25 za HCl ya 0.1 M, halafu asidi iliyobaki ndiyo inayopimwa kwa sodiamu haidroksaidi. Hapa mambo yanageuka: amonia ikiwa nyingi, kinachotumika kwenye bureti kinapungua. Chupa tupu ndiyo itakayokuwa na namba kubwa, na utatoa namba ya sampuli kutoka kwa ya chupa tupu. Dalili ni rahisi. Kukitajwa asidi ya boriki, kiasi chake hakiingii katika hesabu, kwa hiyo usihangaike na molariti yake. Kukitajwa asidi kali yenye ujazo na molariti kamili, kuna hesabu ya kurudi.

Sasa kizidisho, ile namba inayogeuza nitrojeni kuwa protini, ambapo alama nyingi humwagika. Watu wengi hukariri 6.25 na kuipaka kila kitu kama pilipili. Namba hiyo ni 100 kugawa kwa 16, yaani tunachukulia kwamba protini ina nitrojeni asilimia 16 kwa uzito. Kwa nyama, mayai na mahindi ndiyo inayotumika. Ngano sivyo. Protini za ngano zimejaa glutamini, asidi amino ambayo mkononi mwake imebeba nitrojeni ya pili, kwa hiyo nitrojeni yao hufika kama asilimia 17.5, na 100 kugawa kwa 17.5 ni 5.7. Maziwa yana kasoro ya upande wa pili: nitrojeni yake ni karibu asilimia 15.67, ndiyo maana kizidisho chake ni 6.38. Mchele hutumia 5.95, na nazi 5.30. Namba hizi zilipangwa katika jedwali na D. B. Jones wa Idara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1931, na bado ndizo tunazozisoma. Unga wetu wa juu ukiuzidisha kwa 6.25 utasoma 12.1 badala ya 11.0. Ukiuliziwa mahamri, yenye ngano na tui la nazi pamoja, na swali lisikupe kizidisho, tumia 6.25 na uandike wazi kwamba umeichukua kwa sababu ni mchanganyiko. Msahihishaji anaitaka hiyo sentensi.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la papa. Nendeni soko la samaki mkanuse papa mkavu, mtanielewa. Papa na taa huishi baharini kwa kuhifadhi urea mwilini, na nyama yao inayo kwa wingi. Urea hiyo ikivunjwa na bakteria ndiyo inayotoa ile harufu ya amonia. Urea si protini, ila asidi ya sulfuriki haibagui, inaigeuza amonia kama inavyogeuza nyama. Tuseme nyama ya papa imesoma nitrojeni asilimia 4.00, na kipimo cha pembeni kimeonyesha urea gramu 2.0 katika kila gramu 100. Ukizidisha moja kwa moja, 4.00 kwa 6.25 ni protini 25.0. Lakini katika gramu 60 za urea mna gramu 28 za nitrojeni, kwa hiyo urea yetu imechangia 2.0 × 28 ÷ 60, yaani 0.93. Ukiitoa inabaki 3.07, na protini inashuka hadi 19.2. Karibu robo ya ile 25 ilikuwa urea. Na hata 19.2 bado inabeba chembe nyingine zisizo protini, maana si urea peke yake iliyomo katika nyama ya papa. Ndiyo sababu jibu la Kjeldahl huandikwa "protini ghafi".

Kuna upande wa maabara ambao mtihani hupenda kuuliza kwa maneno. Chupa inapochemka huanza nyeusi, halafu husafika na kuwa na rangi ya kibuluu-kijani ya shaba. Wanagenzi huzima moto hapo. Kusafika hakumaanishi nitrojeni yote imetoka. Baadhi ya asidi amino, kama triptofani, ni ngumu, na chupa huendelea kuchemshwa baada ya kusafika. Joto likizidi sana, kama nyuzi 400 na zaidi, amonia yenyewe hutoroka. Madoa meusi yaliyoganda shingoni mwa chupa ni sampuli ambayo haijaonja asidi. Yote matatu hukupa jibu la chini.

Utajuaje kosa liko wapi? Pitisha amonia salfeti safi kwenye sehemu ya kunasa. Ikirudi pungufu, mvuke unavuja au haidroksaidi haitoshi. Ya pili utaiona kwa macho: haidroksaidi ikitosha, maji yenye shaba huiva kuwa buluu nzito kisha hudhurungi iliyoiva au nyeusi; yakibaki kibuluu chepesi, ongeza. Amonia salfeti ikirudi kamili lakini triptofani ikarudi pungufu, tatizo liko kwenye kumeng'enya, kwa sababu amonia salfeti haikuhitaji kumeng'enywa na triptofani inahitaji.