Uwajibu wote, umguse mmoja

*Shangazi, hujambo? Nina miaka 25, naishi Donholm. Niko kwenye grupu ya WhatsApp ya marafiki 11, wikendi tunatembea pamoja, mara Karura, mara Ngong. Kuna kijana mmoja humo nimempenda, na nadhani naye ananichangamkia kwa sababu hunijibu upesi. Wiki jana aliandika, "Jumamosi nani anabeba maji? Msiniache nife kiu." Nikamjibu, "Wewe nitakupa chochote unachotaka 😘". Grupu nzima ikanyamaza. Baadaye mmoja akatuma stika ya macho, mwingine akaandika "tafuteni chumba". Nilitamani ardhi inimeze, na yeye hakusema neno. Nitamjibuje mle ndani bila kuwatia wenzangu aibu, na bado yeye ajue namtaka?*
*Mwenye Kiu, Donholm*

Binti yangu, kijana aliuliza swali la watu wote, ukalijibu kama swali la mtu mmoja. Hapo ndipo palipoharibika. Wenzako tisa walikuwa bado wanangoja kujua maji yatabebwa na nani, na ujumbe wako haukuwapa la kusema. Waliona wamefungua mlango wasiotakiwa kuufungua. Wengine wakajifanya hawajaona, wawili wakatafuta utani wa kuwatoa mle. Usiwaone kama maadui, hata yule wa stika.

Kwa hiyo anza hivi: jibu jambo lenyewe kwanza, ulijibu likamilike. Kisha acha kipande kidogo kinachomwendea yeye, kidogo kiasi kwamba ukikifuta, ujumbe bado una kazi yake grupuni. Tulichukue swali lilelile la maji. Ungeandika:

"Nabeba chupa mbili kubwa za kugawana wote, wengine mje na zenu ndogo. Fulani, yako naitia limau, maana safari ile ulilalamika maji matupu hadi tukafika kwenye maporomoko."

Soma kwa macho ya wenzako. Wamejua maji yapo, wamejua walete nini, na wamekumbushwa safari ambayo nao walikuwepo. Sasa soma kwa macho yake. Mtu alimsikia akilalamika, akakumbuka, na Ijumaa usiku atakata limau kwa ajili yake. Hilo linamfikia mwanamume kuliko busu la imoji, kwa sababu busu anaweza kutumiwa na yeyote, lakini limau linatoka kwa mtu aliyekuwa anamtazama. Ila kumbukumbu iwe ya kweli. Ukimbunia jambo asilolisema, atabaki kujiuliza umemchanganya na nani.

Tena ujumbe wa namna hiyo unaacha nafasi ya mwingine kuingia. Rafiki yenu anaweza kuandika, "Na mimi nataka limau," mkacheka wote, ukamjibu, "Leta lako." Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Ujumbe ambao mtu wa tatu anaweza kuudandia bila kujiona mdaku hautamwaibisha yeyote. Kwenye "chochote unachotaka" hakuna ambaye angedandia. Kama huna hakika, kabla ya kutuma weka jina la rafiki yako wa kike pale penye jina la kijana. Ukisomeka sawa, tuma. Ukiona haya hata kuumaliza, mahali pake ni kando, mkiwa wawili.

Kuna mtego mmoja nataka uuangalie sana, maana wasichana wengi wenye heshima zao hunasa humo wakidhani wamejificha. Ni ule ujumbe wa mafumbo: "Kama ile kitu ya Jumapili 😉". Hauna neno la mapenzi hata moja, lakini ndio unaopiga kelele kuliko wote. Kila mtu atauliza kitu gani, Jumapili gani, na kwa nini yeye hakuwepo. Fumbo la wawili kwenye grupu ya watu kumi na mmoja linawaambia wengine kwamba wako nje. Limau linaeleweka na kila mtu kwa juu, na kwake linaeleweka zaidi. Ukitaka kudokeza jambo, dokeza lile ambalo wenzako nao waliliona kwa macho yao.

Ujumbe mzuri nao unaweza kukuumbua kwa namna unavyoutuma. Usinukuu maneno yake kama gumzo limeshasonga. Tuseme aliuliza maji saa nne asubuhi, na kufikia saa tisa watu wanabishana kama mwingie Karura kwa lango la Barabara ya Limuru au la Barabara ya Kiambu. Ukirudi juu ukanukuu ujumbe wake wa asubuhi, umewaambia wote kwamba ulikuwa unamtafuta yeye. Mjibu wakati mada bado ni ya moto, au ungoje mada nyingine. Moyo mwekundu unaoubandika kwenye ujumbe wake pia si siri, maana yeyote akiugusa anaona jina lako. Ukibandika moyo kwa kila anachoandika yeye, na wengine wasipate hata dole gumba, watahesabu tu.

Halafu ujue pa kuishia. Umemrushia la limau, naye amejibu, "Limau tu? Nilidhani na asali." Hapo moyo utaruka, na vidole vitataka kujibu palepale. Jibu moja la utani linaruhusiwa, kisha uache. Mkirushiana mara ya tatu na ya nne, wenzenu wamekuwa watazamaji, na mtarudi kulekule kwa stika za macho. Mimi ningekushauri hata hilo moja ulipeleke kando. Kama simu yako ni ya Android, bonyeza ujumbe wake wa asali uushikilie, gusa vidoti vitatu juu kwenye kona, uchague "Reply privately". Maneno yake yatakwenda nawe kwenye gumzo lenu la wawili, kwa hiyo hulazimiki kuanza na "mambo" ya mtu asiye na hoja. Unaandika tu, "Asali ni ya wanaofika langoni mapema." Kwake hiyo ni ishara ya wazi: utani ulianza kwa watu, na wewe ukachagua kuumalizia naye peke yake.

Kabla ya kutuma, tazama juu ya skrini uone jina ni lake. Aibu nyingi za grupuni ni meseji za kando zilizopotea njia. Ikikuponyoka, usikimbilie "Delete for everyone" kwa kila kitu, kwa sababu grupuni itabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na lazima atokee wa kuuliza ulikuwa unasemaje. Kama ni neno moja tu limezidi, ndani ya dakika 15 unaweza kuuhariri kwa "Edit". Utaandikwa "Edited", lakini hilo halimshtui mtu, wengi hudhani umesahihisha herufi. Kama ni jambo zito la faragha, futa mara moja na uendelee na habari za safari, ila waliokwisha kuusoma wameusoma.

Sasa haya ya wiki jana. Usiombe radhi grupuni. Ukiomba, utawalazimisha wote wakutulize, na jambo lililokuwa linapoa lipate moto upya. Rudi na ujumbe wa kazi: "Jumamosi saa mbili asubuhi, lango la Barabara ya Limuru. Maji ninayo. Nani anakuja na matunda?" Watu watashukuru wamepata pa kuendelea. Yeye mwandikie kando mara moja tu, kwa ufupi: "Juzi nilikuweka pabaya mbele ya wenzetu, pole. Maji bado nabeba." Usimwulize kwa nini alinyamaza. Huenda aliona haya kama wewe, au hakujua ajibu nini huku watu wote wanatazama. Ujumbe huo unampa nafasi ya kusema mwenyewe.

Kabla ya hapo lakini, mwulize rafiki unayemwamini kuliko wote humo kama kuna mwingine anayempenda kijana huyu, au aliyewahi kuwa naye. Wakati mwingine kimya cha grupu ni cha watu wanaomhurumia mtu mmoja. Ukiambiwa yupo, basi usimtanie tena mle ndani hata kwa limau. Kama kuna la kuendelea, liendelee kando, na huyo uliyetajiwa asikie kwa mdomo wako, asisubiri kusoma kwa skrini.

Utajuaje kwamba kijana ameelewa? Atakirudia kile kipande chako. Ukisema limau, yeye ataleta asali. Au atanyamaza grupuni, kisha baada ya saa moja akuandikie kando jambo dogo lisilo na haraka. Au Jumamosi ataikumbuka ile chupa kabla hujaitoa kwenye begi. Kumbe akiweka dole gumba tu kama anavyowawekea wote, au akimjibu kila mtu akakuruka wewe, pokea hilo kama jibu. Jaribu tena safari nyingine, mara moja, kwa wepesi uleule. Likija dole gumba la pili, mwache awe rafiki wa safari.

Na akikuandikia kando mara mbili tatu kwa hiari yake, achana na utani wa grupuni, umekwisha kazi yake. Nimeona watu wakiviziana mle kwa miezi, kila mtu akijua isipokuwa wao wawili, na hiyo nayo inawachosha wenzao. Mwambie waziwazi, lakini umwachie njia ya kukataa bila kuumia, kwa sababu mtaendelea kukutana kila wikendi: "Jumamosi tukimaliza Karura mimi nitabaki kunywa chai kabla ya kurudi mtaani. Ukiwa huna haraka, ningependa tubaki wote." Akisema ana shughuli bila kutaja siku nyingine, mjibu "sawa, safari njema", na Jumamosi ifuatayo umsalimie kama unavyowasalimia wengine.