Mwanga Uliosonga Mbele Huku Ukirudishwa Nyuma

Swali la wiki: "Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na hakuna kinachoushinda mwanga kwa kasi. Mbona basi upana wa ulimwengu tunaouona ni miaka ya mwanga bilioni 93? Huo mwingine umetoka wapi?"

Umetoka katika kutanuka kwa anga lenyewe, wakati mwanga ukiwa bado njiani. Jibu hilo nililisikia kwa miaka mingi bila kulielewa, mpaka siku nilipochukua ukanda wa mpira, rula na kalamu, nikakaa mezani na kulihesabu. Naomba nilieleze kwa njia hiyo hiyo.

Ukanda una sentimita 10. Ncha moja nimeibana mezani, haisogei: hapo ndipo tulipo sisi. Kwenye ncha ya pili tumweke sisimizi, naye ndiye mwanga. Kila zamu anatembea sentimita 5 kuja kwetu, hazidishi wala hapunguzi. Akimaliza zamu, mimi navuta ukanda wote uongezeke sentimita 10.

Zamu ya kwanza anatembea sentimita 5 na kufika katikati ya ukanda. Navuta, ukanda unafika sentimita 20. Yeye bado yuko katikati, lakini katikati ya 20 ni 10. Ametembea kweli, na umbali uliobaki ni ule ule alioanza nao! Zamu ya pili zinabaki 5. Ukanda unapovutwa kutoka 20 hadi 30, zile 5 zinakuwa 7.5. Zamu ya tatu zinabaki 2.5, nazo zikivutwa pamoja na ukanda kutoka 30 hadi 40 zinakuwa 3.3. Zamu ya nne anazimaliza na kutufikia.

Sasa tazama namba tatu tulizobaki nazo. Alipoanza safari alikuwa umbali wa sentimita 10. Kwa miguu yake ametembea sentimita 18.3. Na ile ncha aliyotoka, leo iko sentimita 40 kutoka kwetu. Zote tatu ni kweli, na hakuna hata zamu moja ambayo sisimizi alivuka kasi yake. Kilichoongeza ile 40 ni kwamba sehemu alizokwisha kuzipita ziliendelea kuvutwa nyuma yake. Miaka bilioni 13.8 ni namba ya pili, yaani safari ya mwanga wenyewe. Upana wa bilioni 93 unatokana na namba ya tatu.

Tuingie angani kwenyewe. Mwanga wa zamani kuliko wote tunaoupokea ni ule ulioachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000. Kabla ya hapo kila mahali palijaa gesi ya moto yenye elektroni zilizo huru, na mwanga uligongana nazo usiende mbali, kama taa ndani ya ukungu mzito. Joto liliposhuka hadi karibu kelvini 3,000, elektroni zilishikamana na viini vya atomu, ukungu ukatoweka, mwanga ukapata njia. Mwanga huo bado unatufikia kutoka pande zote za anga, na leo ni mawimbi ya mikrowevu. Arno Penzias na Robert Wilson waliutangaza mwaka 1965, baada ya kuhangaika na mvumo mdogo kwenye antena yao ambao haukuondoka hata walipoielekeza wapi.

Joto la mwanga huo sasa ni kelvini 2.7 hivi. Gawanya 3,000 kwa 2.7 utapata karibu 1,100. Hiyo ndiyo namba inayotwambia anga limevutwa mara ngapi tangu mwanga huo uanze safari, kwa sababu wimbi la mwanga hurefuka sawasawa na anga linalopitia, na mwanga ukirefuka hupoa.

Gesi iliyotoa mikrowevu tunazopokea leo ilikuwa, wakati ule, umbali wa takriban miaka ya mwanga milioni 42 tu kutoka mahali ambapo baadaye tungekuja kuwa sisi. Milioni, si bilioni! Ukizidisha mara 1,090, ambayo ndiyo namba kamili zaidi ya kuvutwa kwa anga, unapata zaidi kidogo ya bilioni 45. Hapo ndipo gesi ile ilipo leo, na kwa vyovyote imekwishakuwa galaksi kama hizi zetu. Ongeza kipande kidogo cha enzi ya ule ukungu, ambayo mwanga wake hatuuoni, unafika bilioni 46.5 kila upande. Pande mbili ni 93.

Ninachokipenda zaidi ni safari yenyewe. Mwanga ule ulianza milioni 42 kutoka hapa, ukielekea huku moja kwa moja, na badala ya kukaribia ukazidi kuwa mbali. Anga lililokuwa kati yetu lilitanuka haraka kuliko mwanga ulivyoweza kulipunguza. Uliendelea kurudishwa nyuma hivyo mpaka ulimwengu ulipotimiza umri wa miaka bilioni 4 hivi, ukiwa karibu miaka ya mwanga bilioni 6 kutoka hapa. Kasi ya kutanuka ilikuwa imepungua, na kuanzia hapo ndipo mwanga ulianza kukaribia kweli. Ni ile zamu ya kwanza ya sisimizi, ila imechukua mabilioni ya miaka.

Wapo wanaojaribu kusahihisha kwa kuzidisha 13.8 mara mbili, wakisema mwanga ulikuja huku na chanzo chake kikaenda kule kwa kasi ile ile. Hiyo inawapa 27.6, na si sahihi, maana inachukulia kwamba vitu vinaruka ndani ya anga lililotulia. Sheria ya Einstein inakataza kitu kupitwa na kingine mahali pale pale kwa kasi inayozidi mwanga. Haiwekei kikomo umbali unaoongezeka kati ya galaksi mbili zilizo mbalimbali sana, wakati kila moja imetulia mahali pake.

Magazeti nayo huchanganya watu. Galaksi iitwayo GN-z11 mara nyingi huandikwa kuwa iko umbali wa miaka ya mwanga bilioni 13.4. Huo ni muda ambao mwanga wake umesafiri. Umbali wake wa leo ni karibu bilioni 32. Ukikutana na umbali unaozidi 13.8, ujue mwandishi anasema kitu kiko wapi sasa. Ukiwa chini ya hapo na kitu chenyewe ni cha mbali sana, uliza kwanza ni umbali upi anaousema.

Jambo la mwisho, kwa kuwa muulizaji anaweza kudhani kwamba tukisubiri vya kutosha tutaziona galaksi za kule bilioni 45 kama zilivyo leo. Hatutaziona. Kutanuka kwa anga kulianza tena kuongeza kasi miaka bilioni kadhaa iliyopita, na kwa mwendo huu mwanga unaotoka leo kwenye galaksi iliyo zaidi ya miaka ya mwanga bilioni 17 hivi hautatufikia kamwe. Za kule tutaendelea kupokea mwanga wa zamani tu, kila mwaka ukiwa umefifia zaidi kidogo.