Maswali na Majibu: Mashine mpya inavuja, muuzaji anakutuma Nairobi

Mashine ya kuosha vyombo niliyonunua duka moja la Moi Avenue haijamaliza mwezi, na inamwaga maji jikoni. Nikimpigia muuzaji ananiambia niongee na kampuni Nairobi. Kampuni nayo inaniambia nisubiri. Nifanye nini? (Mama wa Bamburi)

Mama, acha simu, andika barua, na umwandikie muuzaji. Yeye ndiye aliyepokea pesa zako. Kadi ya waranti ya kampuni ni ahadi ya juu yake tu, haimwondolei muuzaji wajibu wake. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, kifungu cha 5, inasema vivyo hivyo kuhusu bidhaa inayouzwa. Mchezo huu wa kumrusha mteja kutoka mlango hadi mlango umeshamiri mjini, na unashamiri kwa sababu wateja wanakubali kurushwa.

Lakini kabla ya kuandika, jua maji yanatokea wapi. Barua inayosema tu "mashine inavuja" itajibiwa kwamba bomba lako ndilo bovu, na hutakuwa na la kusema.

Zima mashine ukutani, kausha sakafu kabisa, kisha tandika magazeti makavu chini yake na nyuma yake. Fungua bomba la maji huku mashine ikiwa imezimwa, usubiri saa moja. Magazeti ya nyuma yakilowa, kasoro iko kwenye mpira wa kuingizia maji au pale ulipofungwa bombani. Hapo muuzaji atauliza nani alifunga. Kama ni fundi wa duka, ni juu yao. Kama ni fundi wako, mwite kwanza akaze na aangalie ile washa ya mpira iliyo ndani ya nati, maana mara nyingi imejipinda au haimo.

Magazeti yakibaki makavu, washa programu fupi, mashine ikiwa tupu na bila sabuni, ukae karibu uangalie. Maji yakitoka mbele chini ya mlango, shuku mpira wa mlango, au mashine haikukaa sawa sakafuni. Yakitoka mwishoni tu, wakati inatapika maji machafu, shuku mpira wa kutolea. Yakitoka chini katikati wakati inaosha, kasoro iko ndani: pampu, au maungio yake. Hiyo ya mwisho hakuna atakayeweza kuitupia bomba lako. Mashine nyingi pia zina sinia chini lenye boya. Maji yakijaa humo, boya huinuka, mashine husimama, na pampu ya kutolea huendelea kunguruma. Ukiona hivyo, andika herufi na namba zinazoonekana kwenye kioo chake na uzipige picha. Sakafu ikishalowa usiiguse mashine. Zima umeme kwanza, ufunge bomba, na usiitumie tena mpaka itengenezwe.

Sasa barua. Tuseme maji yametoka chini katikati. Andika hivi, ukijaza yako:

"Kwa Meneja wa duka. Tarehe fulani nilinunua kwenu mashine ya kuosha vyombo, modeli fulani, namba ya mashine fulani, kwa risiti namba fulani. Ililetwa na kufungwa na fundi wenu tarehe fulani. Tangu tarehe fulani inavuja. Nimeijaribu ikiwa tupu na bila sabuni: bomba likiwa wazi na mashine imezimwa, hakuna maji. Ikianza kuosha, maji hutoka chini katikati baada ya dakika kama 10. Nimeacha kuitumia na haijafunguliwa na fundi mwingine yeyote. Naomba mtume fundi aitengeneze bila malipo ndani ya siku 7 tangu mpokee barua hii. Isipotengenezwa, au ikitengenezwa ikavuja tena, nitadai mashine nyingine au pesa zangu. Haki zangu nyingine za kisheria zinabaki palepale. Nimeambatisha nakala ya risiti, nakala ya kadi ya waranti, na picha."

Modeli na namba ya mashine utazikuta kwenye kibandiko, mara nyingi ubavuni mwa mlango ukiufungua. Chapisha nakala mbili, uzipeleke dukani mwenyewe, na moja irudi nawe ikiwa na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa barua pepe ya duka papo hapo ukiwa umesimama mbele yao. Risiti halisi usimwachie mtu. Na itoe nakala leo, kwa sababu karatasi ya ETR hufifia, na kwa joto letu hili haichukui muda mrefu.

Fundi wa mtaani anasema ni mpira tu, ataufungua kwa shilingi 1,500. Nimruhusu? (Msomaji, Tudor)

Asiiguse. Swali hili linaletwa tena na tena, na kila mara mwenye kuuliza ameshamwita fundi. Kadi nyingi za waranti zinasema wazi kwamba mashine ikifunguliwa na asiyeidhinishwa, dhamana imekufa. Hata pale sheria ingekuwa upande wako, umeshampa muuzaji hoja kwamba kasoro ililetwa na bisibisi ya fundi wako. Kukaza nati ya nje bombani ni sawa. Skrubu za mashine yenyewe, hapana.

Barua lazima iwe ya Kiingereza? (Msomaji, Likoni)

La. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7 ya Katiba.

Vidonge viliisha, nikatia sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono. Povu limetoka mlangoni mpaka sebuleni. Nadai waranti? (Kaka wa Nyali)

Hapana, ndugu yangu. Sabuni ile imetengenezwa itoe povu, na povu hupenya pale maji yasipopenya. Toa povu lote kwa kikombe na kitambaa, kisha iendeshe tupu bila sabuni mpaka maji yatoke safi. Ikivuja hata hivyo, rudi kwenye jaribio la magazeti hapo juu, ndipo uandike. Wala usifiche ukiulizwa, kwa sababu fundi wa kampuni akifungua na kukuta mabaki ya sabuni, hata dai lako la kweli litatiliwa shaka.

Nilipeleka barua, wakagonga muhuri, siku 7 zimepita kimya. Tena risiti imeandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". (Msomaji, Mwembe Tayari)

Maneno hayo yasikutishe. Kifungu kile kile cha 5 kinabatilisha sharti lolote linalojaribu kufuta dhamana ambayo sheria imekwisha kukupa. Maduka yanaendelea kuyachapisha kwa sababu wateja wanayasoma na kwenda zao.

Andika barua ya pili, fupi: taja ya kwanza na tarehe ya muhuri, sema sasa unaikataa mashine na unataka pesa zako, uwape siku 7 za mwisho. Hapa usilale. Ukikaa na bidhaa muda mrefu bila kusema unaikataa, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inakuhesabu umeikubali, na ukishahesabiwa hivyo utabaki kudai fidia tu badala ya kurudisha mashine.

Wakinyamaza tena, nenda Mahakama ya Madai Madogo hapa hapa Mombasa. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Beba barua zote mbili zenye muhuri, risiti, picha, na ujumbe wa M-Pesa kama ulilipa kwa simu.