Maswali na Majibu: Duka limefungwa, kazi imekwisha, juu ya wasifukazi uandike nini?

Dada, niliendesha duka la vifaa vya ujenzi Morogoro miaka 6, nikalifunga 2023. Mtaji ulikuwa milioni 25, milioni 14 zikaishia kwenye daftari la madeni. Sasa naomba kazi ya mauzo kwa msambazaji. Niandike kwamba nilifilisika, au ninyamaze?

Usinyamaze, maana miaka 6 haifichiki. Lakini neno "nilifilisika" liondoe. Kisheria mtu hutangazwa mufilisi na mahakama; wewe ulifunga duka tu, basi sema ulilifunga.

Rasimu ya aya ya juu ya wasifukazi wako uliyoniambatanishia inasema hivi: "Mimi ni mjasiriamali mchapakazi. Kwa bahati mbaya biashara yangu ilikufa kutokana na ugumu wa uchumi na wateja wasio waaminifu, lakini changamoto hizo zimenifunza uvumilivu na kutokata tamaa." Mwajiri akiisoma atabaki na mambo mawili: kwamba biashara ilikufa, na kwamba unawalaumu wateja. Uvumilivu hauoni popote. Kila mwombaji anao, na hakuna anayeweza kuupima.

Nilipokuuliza ile milioni 14 ilikuwa kwa nani, ukajibu kwamba wakandarasi watatu walikuwa na milioni 11. Hapo ndipo penye somo lako. Watu watatu walishika karibu nusu ya mtaji wako wote, kwa hiyo hata wangekuwa waaminifu kama malaika, mmoja wao akicheleweshewa malipo na mwenye jengo, wewe huna pesa ya kuleta saruji. Tena ukasema mwaka wa mwisho ulianza kumwekea kila mteja kikomo cha deni, na mzigo mpya hautoki mpaka ule wa nyuma ulipwe. Jambo hilo ulilitenda dukani, likaonekana kwenye daftari. Msambazaji anayetoa mzigo kwa mali kauli kila siku atalielewa bila kufafanuliwa.

Mimi ningeandika hivi:

"Muuzaji wa vifaa vya ujenzi mwenye uzoefu wa kununua saruji, nondo na mabati kwa jumla na kuwauzia mafundi na wakandarasi wadogo, Morogoro, 2017 hadi 2023. Nilifunga duka langu baada ya mtaji kunasa kwenye mauzo ya mkopo, sehemu kubwa kwa wateja watatu. Kabla ya kufunga niliweka kikomo cha deni kwa kila mteja na kusimamisha mzigo mpya hadi deni la awali lilipwe, utaratibu ambao naweza kuusimamia kwa wateja wengi zaidi. Natafuta kazi ya mauzo au ufuatiliaji wa madeni kwa msambazaji."

Tazama mpangilio wake. Sentensi ya kwanza inaeleza unachokijua. Kufungwa kwa duka kumepewa sentensi moja, na sababu imo ndani yake bila kulalamika, kisha somo likafuata papo hapo kabla msomaji hajaanza kukuonea huruma. Kiwango cha mtaji sikukiweka. Hicho kiache kwa ajili ya usaili. Na huko watauliza, "Deni la zamani ulilikusanya?" Jibu kweli: hapana, utaratibu ulichelewa, ila madeni mapya yalipungua. Nenda na lile daftari. Kama kurasa za mwaka huo wa mwisho hazionyeshi madeni mapya yakipungua, basi usiyataje kabisa.

Nilikuwa ofisa takwimu kwenye mradi wa UKIMWI uliofadhiliwa na USAID. Mapema 2025 tuliambiwa tusimamishe kazi. Je, nieleze siasa za Marekani?

Hapana. "Mradi ulisitishwa 2025 baada ya ufadhili wa USAID kukatwa" inatosha, maana hakuna mwajiri wa sekta ya afya asiyejua kilichotokea mwaka huo.

Nafasi inayobaki itumie kueleza wiki zile za kufunga. Waombaji wengi wa miradi hii huandika walichofanya mradi ukiwa hai, wakaruka mwisho wake, na huko mwisho ndiko walikojifunza kitu ambacho hakifundishwi chuoni. Nani alipokea majalada ya wagonjwa? Takwimu zilizokuwa kwenye mfumo wa mradi zilihamishiwa wapi, na je, zililingana na rejesta za kituo? Kama uligundua kwamba orodha ya mradi na rejesta ya zahanati zinatofautiana, ukakaa na muuguzi mkasahihisha jina kwa jina, andika hivyo. Kisha ongeza umejifunza nini: kwamba takwimu za mradi zioanishwe na za kituo kila mwezi, zisingoje siku ya makabidhiano. Halmashauri au shirika lolote linalotegemea mfadhili mmoja litataka mtu wa namna hiyo.

Kampuni yetu hapa Nairobi ilipunguza watu, mimi nikatoka, wenzangu wakabaki. Nitaandikaje nisionekane mzembe?

Andika kwamba nafasi yako ilifutwa, na taja mwaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu azingatie muda wa mtu kazini pamoja na ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake, kwa hiyo wasiwasi wako nauelewa: mtu anaweza kudhani ulipimwa ukapungua. Mara nyingi, hata hivyo, idara nzima au tawi zima ndilo huondolewa. Ikiwa kwako ilikuwa hivyo, liseme hilo: "Nafasi yangu ilifutwa 2024 tawi letu lilipounganishwa na jingine." Neno "tawi" hapo linakutetea kuliko sifa yoyote utakayojimwagia.

Hakikisha tarehe zako zinalingana na zilizo kwenye cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 kinakupa haki ya kukipata. Barua ya kupunguzwa ihifadhi, usiiambatanishe mpaka uombwe. Malipo uliyopewa hayamhusu mwajiri mpya. Na kama ulitoka kwa kosa la nidhamu, usiliite kupunguzwa. Simu moja kwa mwajiri wa zamani huumbua.

Mwanangu, nina miaka 54, nimepunguzwa kazini mara mbili, 2016 na 2023. Zote mbili niziweke juu?

Shikamoo mzee wangu. Weka ile ya 2023 peke yake. Ya 2016 iache kwenye orodha ya kazi, mbele ya tarehe uandike "upunguzaji wa wafanyakazi", yatosha. Ukiziweka zote juu, anayesoma ataanza kutafuta kasoro kwako badala ya kutafuta ulichotoka nacho. Umri wako pia usiutaje hapo.

Mshirika wangu alikula pesa za biashara tukafunga. Watu wajue ukweli au niseme "hali ya soko"?

Usiseme hali ya soko kama si kweli, na jina la mshirika wako lisionekane popote. Andika kwamba mlifunga "baada ya udhibiti wa fedha kushindwa", kisha ueleze ni udhibiti gani ungeuweka leo: saini mbili benki, anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika vitabu, mauzo ya siku yalinganishwe na stoo kila jioni. Kesi ikiwa bado iko polisi au mahakamani, ishia kwenye "tulifunga 2022", na maelezo mengine muulize kwanza wakili wako.