Tuktuk Arua, Uganda: elewana kabla hujaweka mzigo

"Nashuka Arua asubuhi na magunia mawili, naenda Ediofe, tuktuk nimwambieje asinipige bei?"

Kaka usianze na "ni pesa ngapi", anza na safari yenyewe: speshali, mimi na magunia mawili, mpaka geti la kanisa Ediofe, hatupiti sokoni. Hapo ndo uulize bei, na akitaja umuulize tena, hiyo ni ya tuktuk nzima ama ya kichwa? Mimi nilikubali elfu tatu pale steji nikapanda, kumbe nusu njia anasimama anabeba mama na kuku wake, halafu kijana mwingine, tukazunguka soko karibu dakika ishirini, kufika ananiambia elfu tatu ni yako, mzigo elfu mbili. Ningebishana vipi na gunia liko kwake nyuma?

Kuna wanaosema lipa nusu ya anachotaja dereva, sawa akikuona mgeni, ila bei ikiwa ya kweli ukikata nusu atakubali haraka, na huyo ndo atajaza watu njiani. Uliza kwanza muuza chai, yeye hana faida.

Na shika noti ndogo, ukitoa elfu ishirini chenji inapotea.

– Boda mimi nalipa elfu moja tu
– Ndugu, na magunia mawili?
– Mvua ikinyesha je, akiongeza bei njiani?
– Hapo mimi pia hunishinda, nashuka nangoja