Umeulizwa swali moja, jibu kwa sentensi

Swali la wiki: "Ukimuuliza mtu jambo dogo, ni jibu la namna gani linalokuudhi?"

Ni lile lililopangwa kama kumbukumbu za kikao. Nafanya kazi duka la dawa, na wateja huniletea simu niwasomee walichoandikiwa na ndugu. Juzi kaja baba mmoja, mtu mzima wa kilo sitini na kitu. Alikuwa amemuuliza shemeji yake, "Hii dawa mseto ya malaria naimezaje?" Akajibiwa:

*MATUMIZI*
• *Kipimo:* vidonge 4 x 2
• *Muda:* siku 3
• *Dozi ya pili:* saa 8
• *Chakula:* muhimu
• *Kutapika:* rudia

Hakuna la uongo hapo. Ila baba yule alikuwa amemeza dozi ya kwanza saa tatu asubuhi, na "saa 8" akaielewa kuwa saa nane mchana. Angemeza ya pili baada ya masaa matano, wakati inatakiwa yapite manane, yaani saa kumi na moja jioni. Chakula nacho, kabla au baada? Na arudie kila akitapika, hata usiku wa manane?

Shemeji anayajua yote hayo, nina hakika. Angemwambia kwa mdomo hivi: "Kula kwanza kitu chenye mafuta kidogo, hata chai ya maziwa inatosha, maana dawa hii bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Meza vidonge vinne, vinne vingine umeze yakipita masaa manane. Kesho na keshokutwa ni vinne asubuhi, vinne jioni, mpaka viishe vyote 24, hata homa ikishuka. Ukitapika kabla lisaa halijaisha tangu umeze, rudia dozi hiyo." Ni sentensi chache tu, na ndani yake mna "maana", "yakipita", "mpaka" na "kabla". Maneno hayo ndiyo yanayomwongoza mgonjwa, na ndiyo ya kwanza kuachwa mtu akianza kupanga vidoti. Hata herufi nzito zimekwenda pasipohusika: zimekoleza "Muda" na "Chakula", ambavyo kila mtu anavijua, wakati cha kukolezwa kilikuwa "mpaka viishe", kwa sababu wengi huacha dawa homa ikipoa.

Sisemi safu na mistari havina kazi. Kwa vidonge vya kawaida vya dawa hiyo, vilivyoandikwa 20/120 kwenye pakiti, uzito wa kilo 5 hadi 14 ni kidonge kimoja kila dozi, 15 hadi 24 viwili, 25 hadi 34 vitatu, 35 kwenda juu vinne. Hapo jedwali linamfaa mama mwenye watoto watatu wa uzito tofauti, kila mmoja amtafutie mstari wake. Baba yule alikuwa na mgonjwa mmoja, yeye mwenyewe, na pakiti yake mkononi.