Fungua kila kitu kwanza, ndipo upime njia: kwa mnaoanza kupanga samani

Wadogo zangu, nimepitia modeli mlizoleta wiki hii na chumba kilekile kinanirudia kila nikifungua faili. Kitanda kimekaa vizuri, kabati limebana ukutani, mlango umefungwa, na njia katikati imeandikwa 800 kwa rangi nyekundu kama ushahidi. Ukiuliza nani amefungua kabati, kimya. Najua mnafanya kazi kwa bidii na mna macho mazuri kuliko niliyokuwa nayo mwanzoni, kwa hiyo inaniuma kuona mnapita kwenye shimo ambalo wengine tulishatumbukia. Someni haya kabla ya kutuma faili nyingine.

1. Chumba kwenye modeli si chumba kitakachobaki.

Wengi wenu mnachora ukuta wa tofali bila plasta, kisha mnapima kutoka tofali hadi tofali. Plasta ya milimita 15 kila upande inakula 30. Chini kuna sketingi, mara nyingi unene wa 15 hadi 20, na samani yenye mgongo ulionyooka haitagusa ukuta, itagusa sketingi. Kwa hiyo ongezeni tabaka za ukuta kabla hamjaweka hata stuli moja, au angalau chora mstari wa ndani unaoonyesha uso wa mwisho na upime kutoka hapo.

Na ukipakua kitanda kutoka maktaba ya modeli, kipime upya. Kikiandikwa 1500 kwa 1900, karibu kila mara hicho ni kipimo cha godoro. Fremu, ubao wa kichwani na ubao wa miguuni vinaongeza mia na zaidi kwa urefu.

2. Samani ina hali mbili, na njia hupimwa katika ile ya pili.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mnapoharibikiwa, nami nililipia somo hili kwa chumba halisi cha watu halisi.

Kilikuwa chumba cha kulala, upana 3300 na urefu 3600. Mlango uko kwenye ukuta mfupi, karibu na kona ya kushoto, unafungukia ndani kuelekea ukuta wa kushoto. Kwenye ukuta huohuo wa kushoto, kupita tao la mlango, yaani robo duara inayofagiwa na mlango ukifunguka, nikaweka kabati la kina cha 600. Kitanda nikakigeuza kichwa kiwe ukuta wa kulia, miguu itazame kabati. Hesabu ilikuwa nyepesi: 3300, toa 600 za kabati, toa 1900 za kitanda, inabaki 800. Njia ya kupita miguuni mwa kitanda, milimita 800. Kila mtu alifurahi, mteja akasaini, fundi seremala akaanza kukata mbao.

Siku ya kufunga kabati, fundi akanipigia simu akaniomba nifike. Hakusema kuna nini. Nilipofika alikuwa amefungua mlango mmoja wa kabati na amesimama pembeni yake, kwa sababu mbele yake hapakuwa na pa kusimama.

Tufuate zile 800 zilikwenda wapi. Plasta ilichukua 30. Sketingi ya 20 nyuma ya kabati na 20 nyuma ya ubao wa kichwani, zikaenda 40. Kitanda chenyewe kilikuwa na urefu wa 2050, si 1900, zikaenda 150 nyingine. Jumla 220. Njia ikabaki 580, na vishikio vya milango ya kabati vilivyotokeza 30 vikaishusha hadi 550 kwa mtu anayepita. Hiyo peke yake ingevumilika. Mtu mmoja hupita, ingawa kwa kubana mabega.

Lakini milango ya kabati ilikuwa na upana wa 500 kila mmoja. Ukiufungua hadi nyuzi 90, kati ya ncha yake na ubao wa miguuni zinabaki milimita 80. Nafasi hiyo haipitishi goti. Na kwa kuwa njia ile ndiyo ilikuwa njia pekee ya kufika upande wa pili wa kitanda, mmoja akifungua kabati asubuhi, mwenzake aliye upande wa pili anasubiri kitandani mpaka lifungwe. Droo za ndani ya kabati zilikuwa mbaya zaidi: droo inatoka 400 au 450, na aliyeivuta anahitaji mahali pa kuinama mbele yake. Hapakuwapo.

Mama mwenye chumba hakugomba. Alijaribu kupita na kapu la nguo, akarudi, akajaribu tena kwa ubavu, kisha akaniuliza kwa upole kama ndivyo itakavyokuwa. Swali lile lilinitoa jasho kuliko ugomvi wowote, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya faili yangu tangu siku ya kwanza. Ningeligeuza bawaba moja tu ya kabati kwenye modeli, ningeliona.

Tulitoka hivi. Kitanda kikageuzwa, kichwa kikaenda ukuta wa mbali ulio mkabala na mlango wa kuingilia. Milango ya bawaba ikaondolewa, ikawekwa ya kuteleza. Angalieni kwamba milango ya kuteleza haiji bure: reli mbili zilisogeza uso wa kabati mbele kwa 60, maana tungezibana ndani, kina kisingetosha henga. Basi 3270, toa 20 za sketingi, toa 660 za kabati na reli, toa 1600 za upana wa fremu ya kitanda, zikabaki 990 kwa pande mbili. Tukagawa 570 upande wa kabati na 420 upande wa pili. Si chumba kipana, lakini kila mtu anashuka kwa upande wake, na anayefungua kabati hamfungii mwenzake. Milango ya zamani ilikuwa imeshatengenezwa, na gharama yake haikuwa ya mteja.

Kwa hiyo kila samani iwekeni na eneo lake la matumizi kama umbo la pili ndani ya familia ileile ya Revit au komponenti ileile ya SketchUp: boksi la rangi inayopenyeza mwanga mbele ya droo, mbele ya mlango wa kabati, nyuma ya kiti. Ukisogeza samani, boksi linakwenda nayo. Ukitaka picha nzuri ya mteja, lizime. Usilifute.

3. Tao la mlango kwenye ramani ni mstari, na mstari haugongi kitu.

Huu ndio mtego wa wanaotumia Revit. Unaendesha Interference Check kati ya milango na samani, inakuja tupu, unashangilia. Ukaguzi ule unasoma maumbo mango. Ile robo duara unayoiona kwenye ramani ni mchoro tu. Mlango kwenye modeli umesimama ukiwa umefungwa, hivyo hakuna cha kugongana nacho. Wekeni robo duara yenye kimo ndani ya familia ya mlango. Kwa wa SketchUp, chora robo duara kuanzia kwenye bawaba, nusu kipenyo sawa na upana wa mlango, kisha iinue kwa Push/Pull hadi kimo cha mlango. Kimo kina maana: taa ya kuning'inia na kabati la juu ukutani havionekani kwenye tao la sakafuni.

Kona ya nyuma ya mlango ndiyo huwaponza zaidi. Mnaiona tupu mnaweka rafu ya viatu. Mlango wa upana wa 800 na unene wa 40 ukifunguka nyuzi 90 unaacha uwazi wa kama 760, kwa sababu unene wenyewe umeingia njiani. Rafu ikiuzuia kwenye nyuzi 70, ncha ya mlango inabaki imejitokeza 274 ndani ya njia ya kuingia moja kwa moja. Ni 800 mara kosaini ya 70. Mwenye mikono mitupu atajipinda apite. Anayeingiza godoro atakwama, na anayeingia kwa kiti cha magurudumu atagongana na ncha ile kila siku. Kumbukeni pia mkono wa kitasa hutokeza 60 hivi, na ndio utakaogusa rafu kabla ya ubao wa mlango.

Tafadhali msitatue mgongano kwa kugeuza bawaba upande wa pili bila kuangalia kinachofuata. Nimeona mlango uliogeuzwa ukakwepa kabati, halafu ukifunguliwa unasimama kati ya anayeingia na kitanda, na swichi ya taa imebaki nyuma ya mlango. Kuugeuza ufungukie nje nako kunauhamishia mgogoro kwenye korido, ambako watu wanapita.

4. Vipimo vya njia, kwa haraka, maana mnavyo kwenye daftari.

Mtu mmoja apite: 600 ndicho cha chini ninachokubali kwenye mpango mpya mahali pasipopitwa sana, 900 kwenye njia kuu kutoka mlangoni. Kati ya sofa na meza ndogo, 400 hadi 450. Nyuma ya meza ya chakula pimeni kutoka ukingo wa meza, si kutoka mgongo wa kiti kilichosukumwa ndani: 900 kama mtu anavuta kiti na kuinuka tu, 1200 kama kuna anayepita nyuma ya aliyekaa. Kiti cha magurudumu kinataka njia ya 900 na duara la 1500 la kugeukia, pamoja na kama 450 za ukuta mtupu upande wa kitasa pale mlango unapovutwa kuelekea kwa mtumiaji. Kanuni za mahali mradi ulipo zikidai zaidi, zifuateni hizo.

Njia yenyewe ichoreni kama utepe wa upana huo, kutoka mlangoni hadi dirishani, hadi kabatini, hadi kila upande wa kitanda. Utepe ukikatwa na boksi la matumizi, jiulizeni kama vitu hivyo viwili hutumika kwa wakati mmoja. Droo ya meza ya kando ya kitanda ikifunguliwa usiku haimzuii mtu. Kabati asubuhi linamzuia.

5. Zulia nalo ni samani.

Chini ya mlango mara nyingi kuna uwazi wa milimita 10 tu. Zulia nene likiingia ndani ya tao, mlango unalikunja kila ukifunguliwa. Kateni modeli kwa wima pale mlangoni muone, kisha lirudisheni zulia nje ya tao au mkate mlango chini kabla haujapakwa rangi.